Muhtasari wa faili la bei hamishi, mwaka wa hesabu 2023

Kwa Meneja wa Fedha, Shimanzi

Bi. Meneja, salamu. Faili lina kurasa nyingi, lakini linalokuhusu ni hili.

Kampuni yetu tanzu inachanganya na kufungasha chai kwa niaba ya kampuni mama ya Dubai. Chai si mali yetu. Tunalipwa gharama zetu na nyongeza ya asilimia 8. Kanuni za mwaka 2006 zinataka bei hiyo ilingane na ile ambayo wasiohusiana wangekubaliana. Walioandaa faili wamelinganisha faida yetu na ya kampuni huru: kati ya asilimia 5.1 na 9.4, katikati ni 7.2.

Shida ipo hapa. Mkataba unasema 8, vitabu vinaonyesha 3.9, kwa sababu kodi ya pango la ghala la pili haikuingizwa kwenye ankara. KRA wakiipandisha faida hadi 7.2, kwa gharama za shilingi milioni 240, mapato yataongezeka kwa milioni 7.92, na kodi ya asilimia 30 ni kama milioni 2.38, kabla ya adhabu na riba. Faili limeligusia kwa sentensi moja tu, jambo lisilonipendeza.

Ada ya usimamizi, milioni 18, haina ushahidi wa huduma tuliyopata. Waombe Dubai barua na ripoti za kazi.

Mikopo hatuna. Muhtasari huu ni wa ndani. KRA watapewa faili la Kiingereza.