Salamu za Fasika kutoka Malindi

Malindi, Jumamosi, 11 Aprili 2026

Hodi Mama Hanna, hodi Baba Hanna,

Melkam Fasika! Nimewahi kidogo, lakini najua usiku wa leo mnakesha kanisani na simu zitakuwa zimezimwa.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikuwa nimeshaandika "Heri ya Pasaka" niwatumie. Nikaifuta. Nilikumbuka mwaka 2024, mlipokuwa bado jirani zetu hapa. Pasaka yetu ilikuwa 31 Machi, yenu 5 Mei, na mimi nikaja mbio na bakuli la kuku wa nazi, nanyi mko katikati ya mfungo! Mama Hanna ukapokea kwa mikono miwili, ukashukuru, hukusema neno. Baada ya wiki ndipo Hanna akamnong'oneza Kadzo kwamba siku 55 hamgusi nyama, maziwa wala mayai. Niliona haya, dada yangu. Hata leo nikipika kuku wa nazi nacheka peke yangu.

Mwaka jana ndio tulipata raha, sote 20 Aprili. Mwaka huu mmepishana nasi wiki moja tu. Mzee wangu anasema hata bahari imeona: Pasaka yetu iliangukia bamvua, mwezi mpevu ulikuwa wa juzi juzi, yenu inakuta maji mafu, na mwezi umebaki kipande. Nikamwambia kalenda yenu ni ya zamani kuliko hiyo ya Papa Gregori ya 1582, kwa hiyo anayepaswa kujieleza ni sisi. Akanyamaza, akaendelea kushona nyavu. Na majirani wetu Waislamu hawashangai hata kidogo. Kila Idd wanaulizana nani ameuona mwezi na nani bado.

Kinachoniuma ni Ijumaa Kuu yenu. Yetu nchi nzima ilipumzika, na jana Baba Hanna najua uliingia kazini kama kawaida, tena na tumbo tupu. Poleni kwa hilo, na hongereni kwa kuufikisha mfungo mwisho.

Nimewatumia halwa kwa basi la jana usiku, kilo mbili, imefungwa kwenye kikapu cha ukili. Ina samli, kwa hiyo Hanna asiifungue mpaka mrudi kanisani alfajiri! Mkishakula doro wat yenu, halwa ifuate na kahawa. Kahawa ya kwenu, si ile yangu uliyoiita maji ya moto.

Krismasi nayo nimeshaiandika ukutani: 7 Januari. Kadzo anasema mwaka huu atakula Krismasi mara mbili, na sijaona sababu ya kumkataza.

Kristo amefufuka!

Wenu,
Mama Kadzo na Baba Kadzo

Kile kikapu msikitupe, ni cha mama mkwe.