Maelezo ya mapato ya nyumbani na hali ngumu: maombi ya basari ya Kadzo, kidato cha tatu, Agosti 2025

Wanakamati, mimi ndiye mamake Kadzo, naandika mwenyewe kwa simu. Tunaishi Ngomeni, wadi ya Gongoni, kaunti ya Kilifi. Fomu inauliza mapato ya familia kwa mwezi na imeacha nafasi ya namba moja tu, hapo nimeweka 11,233 lakini naomba msome na haya maelezo, maana kwetu hakuna mwezi unaofanana na mwenzake na hiyo namba peke yake haiwaambii vile tunavyoishi.

Nyumbani tuko watu saba. Babake Karisa, mimi, mama mkwe wangu ana miaka 76, Kadzo anayeombewa basari yuko bodingi, Kahindi gredi ya nane, Dama gredi ya nne, na Baraka ana miaka sita, huyu ni mtoto wa marehemu dadangu nimekaa naye tangu ana mwaka mmoja. Karisa kifungua mimba yuko Mombasa ana mke wake, huyo sijamhesabu kwa watu wa nyumbani ila pesa anazotuma nimezihesabu.

Mapato haya ni ya kuanzia Agosti 2024 mpaka Julai 2025.

Babake Karisa ni mvuvi lakini chombo si chake na nyavu si zake, yeye ni baharia tu. Samaki wakiuzwa yanatolewa kwanza mafuta na barafu, kisha chombo na nyavu zinachukua fungu lao, kinachobaki ndio mabaharia wanagawana. Wakati wa kaskazi, Novemba mpaka Machi, bahari ikiwa imetulia anapata kama 11,000 kwa mwezi, kuna miezi inapita hapo na kuna isiyofika. Wakati wa kusi, Mei mpaka Agosti, bahari inachafuka kuna wiki nzima chombo hakitoki, hapo ni kama 3,000 kwa mwezi na kuna siku anakwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi ndio ifike hiyo. Aprili, Septemba na Oktoba ni katikati, nimeandika 6,000. Hana karatasi ya mshahara, analipwa mkononi ufuoni, kwa hiyo hizi ni za kukadiria, tumekaa mimi na yeye tukakumbuka mwezi baada ya mwezi na pale tulipobishana tukachukua ile namba ya juu. Kwa huo mwaka nilioutaja jumla yake ni 44,000. Mwaka wa kawaida ingefika 85,000, kwa nini imeshuka hivyo nimeeleza huko chini kwenye hali ngumu.

Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Nikitoka na mahamri mia ya shilingi kumi kumi na mbaazi sahani 14 za 25 nauza 1,350. Msiichukue hiyo kama ndio faida. Unga wa ngano pakti mbili 380, sukari 80, mafuta 280, hamira na iliki 40, mbaazi zenyewe 200, kuni 50, jumla 1,030. Nazi sinunui, kuna minazi mitano ya kwao babake Karisa hapa nyuma ya nyumba ndio natumia, nazi hatuuzi. Inabaki 320, lakini watoto wanakula asubuhi kabla ya shule, na wapo wanaochukua kwa deni hawalipi, na siku mvua ikinyesha nabaki nayo, nimeona haki ni kuandika 200 kwa siku. Nauza siku 24 kwa mwezi, ni 4,800. Mwezi wa Ramadhani wateja wa asubuhi wengi wamefunga nahamia jioni na inakaribia kuwa sawa. Mwezi mmoja sikuuza kabisa, ule babake Karisa aliolazwa, kwa hiyo nimehesabu miezi 11, jumla 52,800.

Mama mkwe anapata pesa za wazee za Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi. Haziji kila mwezi, zinakaa halafu zinakuja za miezi kadhaa pamoja, na ni zake yeye sio zetu, ila anakula na sisi na mara nyingi ndizo zinanunua unga kwa hiyo sikuona sawa kuzificha. Kwa mwaka nimeweka 24,000. Karisa anafanya kazi ya mjengo, kazi ikiwepo anatuma. Kwa mwaka ametuma 14,000 mtaziona kwenye stetimenti ya M-Pesa.

Ukijumlisha zote ni 134,800, gawanya kwa 12 unapata 11,233. Ndio hiyo niliyoweka kwenye fomu.

Sasa kuna jambo kwenye stetimenti yangu ya M-Pesa lazima niliseme kabla hamjalikuta. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama, tuko 20, pesa za wenzangu zinapitia kwa laini yangu. Machi mtaona zimeingia 62,000 na zikatoka zote ndani ya siku chache, zile ni za kugawana si zangu hata shilingi. Nimeziwekea alama ya kalamu nyekundu kila mahali na nimepiga picha kurasa mbili za daftari la chama ambazo mwenyekiti ameweka sahihi. Nimeambiwa na watu niwape stetimenti ya laini ya babake Karisa peke yake maana haina kitu, nimekataa. Nimewapa zote mbili.

Mali. Nyumba ni yetu ya udongo na makuti, hatulipi kodi, ardhi ni ya familia haina hati. Tuna baiskeli moja, taa ya sola, kuku wanne na simu mbili. Hatuna ng'ombe, chombo wala pikipiki. Mbuzi tulikuwa nao watatu.

Matumizi kwa mwezi ni hivi: unga wa sima pakti moja kila siku ni kama 4,500, mboga mafuta sukari na vitu vidogo vidogo 2,500, maji ya mitungi 900 maana ya kisima hapa ni ya chumvi hayanyweki, dawa ya presha ya mama mkwe 600, na kulipa mkopo wa chama 1,000. Hiyo ni 9,500. Hapo sijataja sabuni, daftari, yunifomu wala nauli ya Kadzo. Kile kinachobaki kwenye hesabu, kama 1,700, ndicho kinatakiwa kifanye yote hayo na karo juu yake.

Hali ngumu ya mwaka huu.

Babake Karisa alikuwa na ngiri muda mrefu akawa anavumilia, Novemba 2024 ikamzidi akiwa anavuta nyavu, akapelekwa hospitali akafanyiwa upasuaji. SHA tulikuwa tumejiandikisha lakini sisi tusio na ajira tunatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo na hatukuwa tumelipa, kwa hiyo bili yote ikawa yetu, 42,000. Tuliuza mbuzi wote watatu kwa 7,000 kila mmoja tukapata 21,000, nikakopa chama 15,000, ndugu na majirani wakachanga 6,000. Bili iliisha, hospitali haitudai. Chama ndicho bado, nalipa 1,000 kila mwezi tangu Februari, Julai nilikuwa nimebakisha 9,000.

Kilichotuumiza zaidi sio bili, ni wakati. Daktari alimkataza kuvuta nyavu miezi mitatu, Novemba Desemba na Januari hakuleta kitu, Februari alikaa ufuoni anashona nyavu za watu akapata 3,000, Machi ndio akarudi baharini. Kaskazi ndio sisi tunavuna, pesa ya kaskazi ndiyo inalipa karo ya muhula wa kwanza na kiasi fulani inawekwa ya kusi. Safari hii kaskazi ilipita akiwa kitandani, tukaingia kusi hatuna akiba wala mbuzi wa kuuza. Saa hii amepona anafanya kazi, sitaki mfikirie ni mgonjwa wa kudumu, shida ni ule mwaka mmoja bado hatujaufidia.

Karo ya Kadzo ni 40,535 kwa mwaka na nusu yake inatakiwa muhula wa kwanza, yaani Januari, mwezi ambao babake alikuwa hana kitu kabisa. Januari tulilipa 12,000, 7,000 ilikuwa zamu yangu ya chama na 5,000 alitoa mjomba wake. Muhula wa pili tumelipa 4,000. Mwezi wa nne alipata basari ya NG-CDF 5,000, naitaja ili mjue ameshasaidiwa mahali pengine, nakala ya barua ipo. Jumla imelipwa 21,000, inabaki 19,535 ya mwaka huu na deni la mwaka jana 6,300, yote pamoja 25,835. Stetimenti ya shule inaonyesha namba hiyo hiyo.

Juni alirudishwa nyumbani kwa karo akakaa wiki mbili. Akirudi wenzake walikuwa wamefanya mtihani wa kati ya muhula, pale kwenye ripoti yake mtaona masomo mawili hayana alama, sio kwamba alifeli, hakuwepo. Zile wiki mbili alikuwa anaamka na mimi saa kumi kukanda unga halafu anasoma na kibatari kwa sababu taa ya sola anaitumia Kahindi, na mimi kama mzazi iliniuma kumuona anazoea, akaanza kuniambia mama acha nikae nikusaidie kuuza. Nimemkatalia. Mwakani yuko kidato cha nne.

Tunaomba 20,000, ilipwe moja kwa moja shuleni. Ile 5,835 inayobaki tutalipa wenyewe, nimeongea na bursa wa shule akakubali tulipe 1,500 kwa mwezi kuanzia Septemba, na Novemba kaskazi ikiingia tunamaliza. Mkitoa chini ya hapo bado itatusaidia, deni la mwaka jana likitoka hawezi kurudishwa muhula ukifunguliwa.

Nimeambatisha barua ya chifu, karatasi ya kutoka hospitali na risiti za 42,000, stetimenti mbili za M-Pesa za miezi 12, kurasa za daftari la chama, stetimenti ya karo, barua ya NG-CDF, na cheti cha kifo cha dadangu. Barua ya chifu imeandika tu kwamba mzee ni mvuvi na haina kiasi cha pesa, kwa hiyo kiasi cha uvuvi mnategemea maneno yetu. Mkitaka kuhakikisha ulizeni mwenye chombo, amekubali kuulizwa na namba yake iko kwenye ukurasa wa wadhamini. Na mkitaka kufika nyumbani njooni siku yoyote baada ya saa nne asubuhi, kabla ya hapo niko barabarani nauza.