Barua kwa Mjomba: Fedha za Vipimo vya Tumbo

Keko Magurumbasi,
Dar es Salaam.
14 Julai 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba na watoto wote. Najua huko Muheza sasa ni machungwa juu ya machungwa na huna hata nafasi ya kukaa, kwa hiyo nisamehe kwa kukuletea jambo langu katikati ya msimu.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mjomba, wewe simu yako unaiweka spika, na pale kwenye mizani kuna wachuuzi, madalali na vijana wa kupakia. Hili sikutaka lisikike na wote hao, likafika kwa mama kabla ya jua kuzama. Ndiyo maana nimempa barua kijana wa jirani anayekuja huko kwao, akukabidhi mkononi.

Ni tumbo. Lile nililokuambia kwenye msiba wa bibi kwamba linanisumbua kidogo. Halikuwa kidogo hata siku ile. Lilianza mwaka jana mwezi wa tisa, na mpaka leo sijapata mwezi mmoja mzima wa nafuu. Linauma hapa juu, kwenye chembe cha moyo, kama mtu ameweka kaa la moto halafu analipuliza taratibu. Nikila linatulia kidogo, kisha linarudi. Saa nane usiku ndiyo saa yake hasa: naamka, nakaa kitako, nakunywa maji, nasubiri adhana. Nilikuwa na kilo 68, sasa nina 60. Mkanda wangu nimeutoboa tundu mbili mpya kwa msumari.

Usidhani nimekaa tu. Mwarobaini ulionipa niliunywa mpaka ukaisha. Juisi ya kabichi nimekunywa wiki tatu. Dukani nimenunua vidonge vya kutafuna na omeprazo mara nyingi kiasi kwamba muuza dawa akiniona anainua mkono kwenye rafu kabla sijasema. Nafuu ya siku nne, tano, basi. Na kuna kosa langu mwenyewe ambalo nilikuwa silijui: mgongo ukiniuma kwa kuinama kwenye randa, nilikuwa nameza diklofenaki, wakati mwingine tumbo tupu, karibu kila siku. Daktari aliponiuliza dawa ninazotumia nikaitaja hiyo, akaweka kalamu chini akaniangalia. Akasema dawa hiyo huweza kuchimba vidonda tumboni. Nimeiacha kabisa.

Hapa karakana kila mtu ana ugonjwa wake wa kunipa. Mmoja anasema ni minyoo, mwingine nimelishwa kitu. Nikiwaambia mimi natoka Tanga wanacheka, wanasema basi dawa iko kwenu, rudi ukaitafute.

Kilichonitoa usingizini hasa ni jambo la mwezi uliopita. Mara mbili nilipata choo cheusi kama lami. Nilikwenda hospitali, na daktari alipolisikia hilo hakuniandikia vidonge vingine. Alisema huenda kuna kidonda kinachovuja damu, au huenda ni jambo jingine, na kwa kubahatisha hatalijua. Anataka kamera ipitishwe kooni mpaka tumboni aone kwa macho, na wakate kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara, ambako watatafuta pia wale vijidudu wa vidonda vya tumbo wanaoitwa pailori. Nimepangiwa Alhamisi, tarehe 24 mwezi huu. Akaniambia choo kile kikirudi, au nikitapika damu, nisingoje tarehe, niende moja kwa moja mapokezi ya dharura. Mpaka leo hakijarudi, namshukuru Mungu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kumwona daktari bingwa shilingi 15,000. Kamera 180,000. Maabara kwa hicho kipande cha nyama 60,000. Utrasaundi ya ini na nyongo 25,000, na damu 10,000. Jumla 290,000. Dawa sijazitia humu, kwa sababu hakuna ajuaye zitakuwa zipi. Mkononi nina 110,000. Ninachokuomba mjomba ni shilingi 180,000.

Bima sina. Nilipokuwa mzima niliona afadhali hela ile ninunue mbao. Usinigombeze kwa hilo, nimeshajigombeza.

Na najua deni la mashine ya randa. Ulinipa 350,000, nimerudisha 250,000, imebaki 100,000, na tangu Aprili sijatuma kitu. Sikuwa nakukimbia. Hapa tunalipwa kwa kazi iliyotoka. Siku tumbo likinilaza, kitanda hakitoki, na hela haiji. Mwezi wa sita nilimaliza vitanda viwili tu, vya tano kwa sita, wakati zamani nilikuwa natoa viwili kwa wiki. Tena kuna mteja aliyechukua kabati la mninga tangu Machi, akaacha 160,000 kwa maneno matamu, sasa simu yangu hapokei. Ningekuwa nimeipata hiyo, barua hii nisingeiandika. Ukinisaidia, deni lote litakuwa 280,000. Nitaanza kulipa Septemba, 40,000 kila mwezi, nimalize Machi. Nimeshaiandika kwenye daftari la karakana, ukurasa ule ule wenye deni la mashine.

Kama utapenda, hela usiitume kwangu. Siku ile hospitali watanipa namba ya malipo, nitakutumia kwa ujumbe, ulipe mwenyewe kutoka huko huko na risiti ibaki kwako. Sisemi hivi kwa sababu wewe huniamini. Nasema kwa sababu vijana wa mjini tumeshawadanganya sana wazee wetu kwa jina la ugonjwa, na nisingependa ulale na shaka hata usiku mmoja.

Kama yote haipatikani, hata nusu nitashukuru, nitaanza na daktari na kamera, mengine yatasubiri. Na kama haipo kabisa, niambie tu waziwazi kabla ya tarehe 20, nione kama naweza kuiuza mashine. Hilo silitaki, maana ndiyo inayonilisha, lakini siku hizi tatu za mwisho nimeliwaza. Omeprazo wameniambia niiache wiki mbili kabla ya kipimo ili isiwafiche hao vijidudu, nami nimeiacha tangu tarehe 10. Kwa hiyo sasa sina hata kile kidogo cha kunituliza.

Naomba moja tu zaidi: mama asijue kwanza. Presha yake unaijua. Tukishapata majibu, wewe ndiye utakayemwambia, kwa maneno yako, si kwa yangu.

Msalimie mkaza mjomba, mwambie lile stuli lake la mtiki nimelimaliza, limebaki vanishi tu. Litakuja na basi mwisho wa mwezi.

Mpwa wako,
Hamisi

Ukipiga, piga baada ya saa mbili usiku, mashine zikiwa zimezimwa. Mchana hatusikilizani.