Mwalimu Gwakisa, naomba unijibu

Pangani,
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Mwalimu Gwakisa,

Salaam. Natumaini hujambo huko Lushoto na ukungu haujakuamshia tena kifua. Sisi huku wazima. Baba anakusalimu. Nimegundua likizo hii kwamba jina lako nimelitaja nyumbani mara nyingi kuliko nilivyodhani, mpaka mzee anakuulizia kama mtu anayemfahamu.

Nimeona nikuandikie kwa kalamu. Kwenye simu tumeshindwana. Nikikuandikia neno zito unajibu kwa kidole gumba. Nikinyamaza, unapiga saa nne usiku kuniuliza kama nimekula. Naomba barua hii uisome yote, ukiwa peke yako.

Nataka kujua una nia gani na mimi.

Nisingeuliza hivi kama ungekuwa umekaa upande mmoja. Ungekuwa mwenzangu wa kazi tu, ningekuheshimu kama ninavyowaheshimu walimu wengine. Ungekuwa umenitamkia jambo, ningekuwa nimeshakujibu. Lakini tangu mwezi wa sita sijui nikuweke wapi, na kila nikidhani nimejua, kesho yake unanigeuzia.

Nianze na usiku ule wa kusahihisha moko ya kidato cha nne. Umeme ulikatika tukabaki maabara na taa ya simu yako, mwenzetu wa Jiografia keshalala juu ya meza. Ulikuwa unajumlisha alama. Ukaweka kalamu chini, ukaniuliza kwetu posa inapelekwaje: mshenga anakuja na barua peke yake au na kitu mkononi, na kama mtu wa mbali, asiye na ndugu mkoa mzima wa Tanga, anaweza kumwomba mzee wa hapo Lushoto amsimamie. Nilikujibu yote. Nilikueleza kilemba cha baba na mkaja wa mama, nawe ukasema kwenu Rungwe mambo hayo yanakwenda kwa ng'ombe, na kwamba hujui ng'ombe atapandaje basi mpaka Pangani. Tulicheka. Kisha hukucheka tena, ukasema, "Zuhura, atakayekukosa wewe atakuwa amekosa nyumba."

Maneno hayo sikuyaota. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, najua mtu anapouliza habari za mshenga haulizi kwa ajili ya kujaza daftari.

Jumatatu yake ulipita mbele ya meza yangu bila salamu. Chai ya saa nne ulikwenda kunywea chini ya mti na vijana wa mazoezi ya ualimu. Wiki nzima ikawa hivyo, na ya pili, na ya tatu. Nilijikagua kila nilichosema usiku ule nisione kosa. Halafu siku moja jioni, mvua imenyesha, ukaja mlangoni kwangu na maparachichi kwenye mfuko na chupa yako ya chai yenye tangawizi, eti umesikia nakohoa. Ulikaa kizingitini nusu saa. Uliniuliza habari za baba, za mguu wake, za kivuko cha kwenda Bweni kama siku hizi kinavusha bila kuharibika. Uliondoka ukasahau chupa. Asubuhi yake ofisini nikawa "Mwalimu" tena, na macho yako yako dirishani.

Lililoniuma zaidi, nakwambia wazi, ni neno "dada". Unakumbuka siku ya kikao cha taaluma, mwalimu wa zamu alipotuuliza mbele ya watu tutawaalika lini. Ukajibu upesi sana, "Huyu ni dada yangu tu." Watu wakacheka, mimi nikainamia andalio la somo. Kwetu neno hilo ni zuri. Mwanamume akimwita mwanamke dada anampa heshima, na mara nyingi anamfungia mlango kwa upole ili asijisumbue kusubiri. Ningekuelewa, hata ningekushukuru. Lakini ile "tu" ndiyo sikuielewa, kwa sababu jioni ile ile ulinipigia, hukuniita dada, uliniita Zai, jina ambalo hapo shuleni hakuna mwingine anayeniita. Siwezi kuwa dada tu mchana na Zai usiku.

Kuna na lile la ubao. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliandika majina yetu mawili na alama ya moyo katikati. Utoto, na mimi ningefuta nikaendelea na ngeli zangu. Wewe ulifuta kwa hasira, ukawatoa darasa zima kwenda kufyeka nyasi nyuma ya bweni. Tangu siku ile nimejiuliza ulikasirika kwa sababu waliandika uongo, au kwa sababu waliandika kweli ambayo hukutaka isomwe. Sijapata jibu, na watoto wale wakiniona nawe sasa wanashushiana macho. Hilo ni jambo la kazi pia, Mwalimu. Novemba hiyo inakuja, kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani wa taifa, na mimi na wewe ndio tunaosimamia masomo ya jioni. Haifai tupishane koridoni kama wagomvi wakati hakuna aliyemgombeza mwenzake.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Wiki iliyopita rafiki yangu anayefundisha Muheza alinitumia tangazo kutoka kundi la walimu wanaotafuta kubadilishana vituo. Hakujua ni la nani. Nilisoma: sekondari, Fizikia na Hisabati, yupo Lushoto, anatafuta mtu wa Rungwe, Busokelo au Kyela. Jina hukuweka, namba ni yako.

Nililisoma mara tatu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yetu. Sina haki ya kukuzuia kuhama. Kila mwalimu aliye mbali na kwao anatamani kurudi karibu na wazazi, na mama yako najua afya yake si nzuri. Kama ni mama, nenda, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuombea upate mtu wa kubadilishana naye. Kinachonisumbua ni kwamba tangazo lilikuwa la tarehe 20 Agosti. Tarehe 22 ulikaa kizingitini kwangu ukiniuliza habari za mguu wa baba. Ulikuwa unaniulizia mzee wa nini, Gwakisa, kama ulikuwa umeshafunga mizigo moyoni?

Nimewaza sababu nyingi. Nitakutajia mbili, kwa sababu nyingine ni za usiku tu.

Ya kwanza ni dini. Mimi Mwislamu, wewe Mmoraviani unayeimba kwaya. Hatujawahi kulitaja, tunalizunguka kama shimo la barabarani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaruhusu watu kama sisi kufunga ndoa ya kiserikali, tangazo likae siku 21, tukasimame bomani. Hilo nalijua na wewe unalijua. Lakini bomani hapamalizi neno. Kwa dini yangu mwanamke haolewi na mtu wa dini nyingine, na baba yangu ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Kwa hiyo sikwambii ni jambo dogo. Sijakuomba ubadili kitu, wala sijakuahidi kwamba mimi nitaweza kuvuka. Ninachosema ni kwamba kama ndilo linalokurudisha nyuma kila ukisogea, lilikuwa letu sote wawili kulizungumza. Umelibeba peke yako, ukaniacha mimi nikidhani nimekukosea.

Ya pili ni kwamba labda kuna mtu Tukuyu. Mke, mchumba, mama wa mtoto, sijui. Hujawahi kusema yupo na hujawahi kusema hayupo. Kama yupo, niambie leo, na mambo ya maparachichi na simu za usiku yaishe leo hii hii, kwa heshima yake yeye kwanza na yangu mimi pia. Sitapiga kelele. Sitamwambia mtu ofisini.

Na kama ni la tatu nisilolijua, nalo liseme.

Upande wangu nitautaja nisije nikakuuliza wewe tu huku mimi nimejificha. Nakupenda kwa namna unavyofundisha mtoto asiyeelewa mara ya nne bila kupandisha sauti. Napenda ulivyomtengenezea mpishi wa shule taa ya jikoni bila kuombwa. Usiku ule wa moko, ungeniuliza swali lenyewe badala ya kuuliza habari za mshenga, ningekuambia tuzungumze, na ningelisema hilo kwa furaha. Sasa sijui ningejibu nini. Miezi hii mitatu imenichosha. Nimekuwa mtu wa kupima hatua zako koridoni nijue leo umeamkaje, na sipendi nilivyo nikiwa hivyo. Mama ameona. Juzi tukipara samaki aliniuliza, "Huyo mwalimu wako wa Fizikia, vipi?" Nikamwambia hajambo. Akanitazama, akaendelea na magamba.

Jibu lolote nitalipokea. Ukisema mimi ni mwenzako wa kazi, nitakusalimia kila asubuhi kama ninavyomsalimia mkuu wa shule, ratiba ya jioni tutaigawa, na hutaona nimekununia. Ukisema una nia, basi tukae tuseme yote, dini, mama yako, baba yangu na tangazo lile, kabla hujapata wa kubadilishana naye. Nisichoweza tena ni kukaa katikati. Kwa hiyo mpaka utakaponijibu, naomba usinipigie usiku, na usije nyumbani na kitu chochote mkononi. Kazini tutasemeshana ya kazi.

Napanda Jumapili kwa basi la asubuhi kutoka Tanga, Mungu akipenda saa tisa nitakuwa Lushoto. Jumatatu nina vipindi viwili tu, baada ya saa nane niko nyumbani.

Chupa yako ya chai nimeiosha, iko mezani karibu na mlango. Usimtume mwanafunzi kuja kuichukua. Njoo mwenyewe, hata kama jibu ni hapana.

Ni mimi,
Zuhura