Rufaa ya Punguzo la Ada kwa Mtoto wa Pili

Kihonda,
Morogoro.
19 Januari 2026

Mwalimu Mkuu,

YAH: KUOMBA UAMUZI WA KUMNYIMA BARAKA PUNGUZO LA ADA UANGALIWE UPYA

Rejea barua yako ya tarehe 14 Januari. Mimi ni mama wa Neema wa Darasa la Nne na Baraka aliyeanza Darasa la Kwanza mwaka huu.

Barua inasema Baraka hapati punguzo la asilimia 15 kwa kuwa tulifunga mwaka tukidaiwa. Ni kweli, tulidaiwa shilingi 350,000 za Neema. Deni hilo nililimaliza tarehe 8 Januari. Nakala ya risiti ya benki nimeambatanisha. Lakini fomu ya kujiunga, kipengele cha punguzo la ndugu, haigusi habari ya deni. Inataka tu watoto wawe wa familia moja na wote wawe wanasoma hapo. Ningejua mapema, ningekopa Desemba ileile.

Deni lenyewe lilikuja hivi. Baba yao ni dereva wa lori. Mwezi Julai alipata ajali kwenye mteremko wa Kitonga, akavunjika mguu, na mpaka leo anatembelea magongo. Tangu Septemba analipwa nusu mshahara, shilingi 225,000 kwa mwezi. Mimi ni fundi cherehani; mwezi mzuri napata 200,000, na Januari ndiyo mwezi mzuri kwa sababu ya sare. Kodi ya nyumba ni 80,000. Mama mkwe tunaishi naye, ana sukari. Mengine utayakadiria mwenyewe, Mwalimu.

Ada ya Baraka ni 1,600,000, hivyo ninachoomba ni 240,000. Kama bodi itaona haiwezekani yote, naomba mojawapo ya haya.

Mnipe nusu ya punguzo sasa, na nusu nyingine Julai mkiona awamu mbili za mwanzo nimelipa kwa wakati. Au nishone sare za shule: kwa ufundi wa 6,000 kila moja, sketi na kaptura 40 zinatosha kufidia kiasi hicho, kitambaa kikiwa cha shule. Sare ya Neema niliishona mimi, unaweza kuikagua. Ikishindikana kabisa, basi niruhusiwe kulipa ada ya Baraka kila mwezi kwa miezi kumi badala ya awamu nne.

Basi la shule nimeshaamua kuwaondoa wote wawili, nitawasindikiza kwa miguu. Chakula cha mchana sitakiondoa. Sitaki wakae wakiwatazama wenzao wanakula.

Kumhamisha Baraka peke yake nimekufikiria, ila nitakuwa na watoto wawili njia mbili tofauti alfajiri, na Neema mwaka huu ana upimaji wa taifa. Nisingependa kumyumbisha.

Niko tayari kuja mbele ya bodi siku yoyote, isipokuwa Jumatano, siku ya kliniki ya baba yao. Awamu ya kwanza mwisho wake ni tarehe 31, kwa hiyo naomba jibu kabla ya hapo.

Wako katika malezi ya watoto,

Mama Neema

Viambatanisho: risiti ya benki, nakala ya fomu ya kujiunga, barua ya mwajiri na cheti cha daktari.