Maoni yangu kuhusu rasimu ya wasifu wako

Rafiki yangu mpendwa,

Nimeusoma wasifu wako unaoombea kazi ya uhasibu msaidizi, na nimeyapanga maoni yangu kuanzia lililo zito zaidi.

Kwanza kabisa ni sehemu ya uzoefu. Umeandika kwamba katika SACCOS "ulihusika na masuala ya fedha", maneno ambayo hata karani wa mapokezi angeweza kuyaandika, ilhali mimi najua kwamba kila mwisho wa mwezi ni wewe uliyelinganisha taarifa za benki na daftari la fedha za matawi 3, ukafuatilia tofauti hadi zikaisha. Andika hivyo hivyo: "Nililinganisha taarifa za benki na daftari la fedha za matawi 3 kila mwezi na kurekebisha tofauti zilizojitokeza." Fanya vivyo hivyo kwa kila kazi uliyoitaja, kwa sababu hapa ndipo mwajiri atakapoamua kukuita au kukuacha.

Pili, mitihani ya NBAA uliyofaulu imejificha ukurasa wa 3. Ipandishe juu, chini ya jina lako.

Mwaka 2022 haumo kabisa. Ulikuwa ukimuuguza mama, basi sema hivyo kwa sentensi moja, bila aibu.

Dini, kabila na hali ya ndoa viondoe. Namba ya simu ya mdhamini wa pili ina tarakimu 9 badala ya 10, na faili litume kwa PDF.

Nitumie rasimu mpya kabla ya Ijumaa, nitaisoma siku hiyo hiyo.