Ripoti ya Tathmini ya Usanifu: Kozi ya Mtandaoni ya Kudhibiti Sumukuvu katika Mahindi na Karanga

Kwa timu ya wasanifu na wawezeshaji,

Nimeipitia kozi yenu yote, moduli sita, kabla haijafunguliwa kwa mkupuo wa pili. Niliingia kwa akaunti ya mshiriki, si ya msimamizi, na sehemu kubwa niliisoma kwenye simu ya bei ya chini kwa bando la kawaida, kwa kuwa ndivyo maafisa ugani wa kata wanavyoisoma Kongwa, Chemba na Kiteto. Baadaye ndipo nilipofungua kumbukumbu za mkupuo wa kwanza: majadiliano, majibu ya majaribio na kazi zilizowasilishwa.

Uamuzi wangu ni kwamba kozi isifunguliwe ilivyo sasa. Maarifa yamo, tena mengi. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha afisa ugani kwenye kitendo. Anayemaliza kozi hii anaweza kueleza sumukuvu ni nini, lakini hakuna mahali tulipomwona akipima ukavu wa mahindi, akichukua sampuli, wala akizungumza na mkulima ambaye gunia lake halifai kuliwa. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kati ya wagonjwa 317 walioripotiwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, mikoa ileile ambayo washiriki wenu wanafanyia kazi. Kwa hiyo nimepima kwa ukali.

Nilivyopima

Nimetumia maeneo matatu: muundo, shughuli za kujifunza, na msaada kwa mshiriki. Kila kigezo kina alama 0 hadi 3, na vichache nimevifanya vya lazima. Nimefuata kanuni inayotumika katika Quality Matters, mfumo wa kutathmini ubora wa kozi za mtandaoni, kwamba kozi ikikosa kigezo cha lazima haipiti, hata alama zake nyingine zijae. Wastani wa alama zenu ni: muundo 2, shughuli 1, msaada 1. Vigezo vya lazima vilivyokosekana ni viwili: uwiano kati ya malengo na upimaji, na mrejesho kutoka kwa mwezeshaji.

Muundo

Ukurasa wa kwanza umepangwa vizuri. Unasema kozi ni ya nani, inachukua saa ngapi kwa wiki, na mshiriki aanzie wapi. Kila moduli ina sura moja: utangulizi, somo, shughuli, jaribio. Mshiriki akishaijua moja, nyingine hazimpotezi. Moduli ya 1 na ya 2 ndizo bora kuliko zote. Maelezo ya jinsi ukame shambani unavyoidhoofisha mimea na kuipa nafasi kuvu ya Aspergillus flavus hata kabla ya mavuno ni mafupi, sahihi, na yana picha zinazosomeka kwenye simu.

Malengo yenyewe ndiyo yenye kasoro. Katika malengo 22, 15 yanaanza na “kufahamu” au “kuelewa”. Hakuna anayeweza kumpima mtu kwa lengo la namna hiyo. “Kufahamu mbinu za ukaushaji” liandikwe “kumwonyesha mkulima namna ya kukausha mahindi juu ya turubai na kuthibitisha kuwa yamekauka.” Lengo likikaa hivyo, shughuli na upimaji vinajulikana papo hapo, na mtaona wenyewe ni kurasa ngapi za somo hazina kazi.

Kuna jambo la muundo ambalo halimo katika orodha yoyote ya vigezo niliyowahi kuitumia, ila hapa lina uzito kuliko mengi yaliyomo. Ni msimu. Mkupuo wa kwanza ulianza mwishoni mwa Januari na kuisha Machi. Kanda ya kati mvua ni za msimu mmoja: watu hupanda Desemba, na mavuno huanza Mei. Mshiriki alifika moduli ya ukaushaji na uhifadhi wakati mahindi yangali mabichi shambani. Hata tungempa kazi ya vitendo, angeifanyia kwenye nini?

Napendekeza kozi igawanywe vipande viwili. Moduli tatu za kwanza, zinazohusu shamba, zifunguliwe Januari. Hapo somo la Aflasafe TZ01, dawa ya kuzuia sumukuvu tangu shambani, linakuja kwa wakati wake, maana dawa hiyo hurushwa wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua, kilo 4 kwa ekari, na afisa anaweza kwenda nayo shambani wiki hiyohiyo. Moduli za kuvuna, kukausha, kuchambua na kuhifadhi zifunguliwe Mei. Najua mfadhili anataka cheti kitoke ndani ya robo mwaka mmoja. Mwelezeni sababu, na mkitaka niwaandikie barua ya kuunga mkono, nitaiandika.

Moduli ya 3 imeelemewa. Waraka wake una kurasa 47 na video moja ya dakika 38. Kumbukumbu zinaonyesha wengi waliacha video kabla ya dakika ya kumi. Ikateni iwe vipande vya dakika tano hadi saba, kila kimoja kikiwa na jambo moja.

Shughuli za kujifunza

Moduli ya 4 ndiyo moyo wa kozi, nayo ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Lengo lake linasema mshiriki ataweza kumwelekeza mkulima kupima ukavu wa mahindi. Upimaji wake ni maswali kumi ya kuchagua. Baya zaidi ni swali la sita. Linauliza: ukitikisa mahindi na chumvi kwenye chupa na chumvi isishike, maana yake nini? Jibu lililowekewa alama ya sahihi ni “mahindi yako tayari kuhifadhiwa.” Hapana. Kipimo cha chumvi kinaonyesha kama unyevu uko juu au chini ya takriban asilimia 15. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya nafaka ni asilimia 13.5. Kati ya namba hizo mbili kuna mahindi yanayopita kwenye chupa na bado hayajafika. Mkulima akiyafungia kwenye mfuko usiopitisha hewa, unyevu ule unabaki humohumo, hauna pa kutokea. Rekebisheni swali hilo leo, hata kabla ya kumaliza kusoma ripoti hii, na waandikieni waliomaliza mkupuo wa kwanza.

Badala ya jaribio hilo, nimeandika kazi ambayo mnaweza kuichukua kama ilivyo:

“Nenda kwa mkulima mmoja wa kata yako anayekausha mahindi. Chukueni chupa kavu yenye kifuniko, mjaze mahindi hadi theluthi moja, muongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Mwache mkulima atikise kwa dakika moja, kisha isubirini chupa dakika 15. Rekodi sauti isiyozidi dakika tatu ukimweleza matokeo: mnaona nini, kipimo hiki kinasema nini, na hakisemi nini. Tuma sauti hiyo na picha moja ya chupa. Omba ruhusa kwanza. Usitaje jina la mkulima wala kuonyesha uso wake.”

Alama za kazi hiyo ziwe kwa mambo matatu tu: hatua zimefuatwa, mkulima ndiye aliyetikisa, na afisa ametaja kikomo cha kipimo na kushauri kuendelea kuanika au kutumia kifaa cha kupimia unyevu. La tatu lipewe nusu ya alama zote. Sauti ya dakika tatu haili bando kama video, na inampa mwezeshaji kitu ambacho maswali ya kuchagua hayawezi kumpa kamwe: namna afisa anavyozungumza na mtu.

Majaribio mengine yabaki, maana yanasaidia kukumbuka, ila yape majibu yenye kufundisha. Sasa mshiriki akikosea anaona “Si sahihi” na basi. Katika swali linalouliza kama kupika ugali huondoa sumukuvu, aliyejibu ndiyo aambiwe: “Joto la jikoni haliiondoi kwa kiasi cha kutegemewa. Rudi uangalie kipande cha kuchambua punje, utaona ni wapi sumu nyingi inapoondolewa.”

Video ya kuchukua sampuli sokoni Kibaigwa ni nzuri mno. Kijana anachoma bambo kwenye gunia moja baada ya jingine, na msimulizi anaeleza kwamba sumu haisambai sawasawa, hivyo punje za gunia moja haziwezi kusemea lori zima. Inakaa peke yake kama mapambo. Iwekeeni swali mbele yake: “Una magunia 40 na vipimo viwili tu. Utafanyaje?” Washiriki wajibu kwanza, ndipo waitazame.

Mwaka 1989 Michael Moore alitaja aina tatu za mawasiliano katika elimu ya masafa: ya mwanafunzi na somo, ya mwanafunzi na mwalimu, ya wanafunzi wao kwa wao. Kozi yenu ina ile ya kwanza. Ya tatu inataka kuzaliwa: katika moduli ya 2 mshiriki mmoja aliandika kwamba wanunuzi wa kata yake wanalipa bei ileile kwa karanga zilizochambuliwa na zisizochambuliwa, wenzake saba wakamjibu kwa visa vyao. Lilikuwa swali kubwa kuliko yote ya kozi, na hakuna mwezeshaji aliyeingia.

Msaada kwa mshiriki

Hapo ndipo ninapofikia kigezo cha pili cha lazima. Kuanzia wiki ya tatu sikuona neno la mwezeshaji katika majadiliano yoyote, na kazi za moduli ya 5 zilirudishwa na namba tupu. Walioandikishwa walikuwa 86, waliomaliza 31, na walioacha wengi waliacha katika wiki hizohizo. Siwezi kusema kimya ndicho sababu pekee, kwa kuwa moduli ya 3 nzito iko hapohapo. Lakini mtu anayesoma usiku baada ya kushinda juu ya pikipiki anahitaji kujua kuna anayemsoma.

Wekeni ahadi iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza: swali litajibiwa ndani ya saa 48, kazi ndani ya siku saba. Kila mwezeshaji asizidi washiriki 25. Mshiriki asiyeonekana siku saba apigiwe simu. Ujumbe wa mfumo hausomwi.

Msaada wa kiufundi sasa unapatikana kwa baruapepe peke yake. Ongezeni namba ya WhatsApp na maelekezo ya picha ya kupakua masomo kwenye programu ya Moodle ili yasomwe bila mtandao. Video ziwekewe manukuu. Majedwali yaliyopigwa picha yaandikwe upya, maana simu haiwezi kuyakuza wala programu ya kusomea wasioona haiwezi kuyasoma. Hayo matatu ya mwisho yanaweza kusubiri mwezi mmoja.

Yasiyosubiri ni swali la sita, kazi mpya ya moduli ya 4, ahadi ya wawezeshaji na mgawanyo wa ratiba. Moduli ya 1 na ya 2 msiziguse, isipokuwa malengo yake. Mkinitumia moduli ya 4 ikiwa imeandikwa upya, nitaipitia na kuirudisha ndani ya wiki moja.